Ngazi Namba 412

Mume wangu anaamini methali moja tu, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa miaka kumi na tisa amekaa karakanani akisubiri kizuri kijiuze, na mimi mkewe nimekaa mlangoni nikikiuza, na kila jioni ananiuliza kama nimeona. Naitikia kuwa nimeona, kisha nafunga mlango, twende tukale.

Anatengeneza ngazi. Mtu akisikia hivyo huuliza, na nini kingine? Hakuna kingine. Vitanda hataki, makabati hataki, na siku dada yake alipomwomba kigoda alimtengenezea ngazi fupi ya hatua tatu. Watu wote wanamwita Fundi, kana kwamba mtaa mzima hauna fundi mwingine, naye jina hilo amelipokea kwa unyenyekevu wa mtu anayeona hawajakosea.

Nieleze ngazi yake ilivyo, maana kesi yote imelala hapo. Kuna nguzo mbili na vipandio katikati. Kila kipandio kimechongwa ncha, ncha inapita kwenye tundu la nguzo mpaka itokeze upande wa pili, halafu inapasuliwa kidogo na kupigwa kabari ya mti mgumu, isirudi ilikotoka. Hakuna msumari hata mmoja. Chini ya kipandio cha pili, cha katikati na cha pili kutoka juu kuna nondo nyembamba inayozifunga nguzo zisiachane. Mbao za vipandio hukaushwa kivulini miezi mitano, si jua la siku tatu. Na haipakwi rangi. Inapakwa mafuta tu, mti uonekane, kwa sababu rangi huficha ufa, na ufa uliofichwa hujulikana siku mtu yuko juu. Mwisho Fundi anapasha chuma moto na kuchoma namba kwenye nguzo ya kushoto, nami naiandika namba hiyo kwenye daftari na jina la aliyenunua.

Wanaonunua ni watu wanaopanda kutwa nzima: wapaka rangi, mafundi umeme, waandika mabango. Bei yetu ni kubwa. Sikatai. Mtu mgeni nikimtajia huangalia nyuma yake kuona kama naongea na mwingine.

Halafu kuna kugonga. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, kila mwaka, wenye ngazi zetu huzirudisha zigongwe. Fundi anailaza ngazi juu ya magogo mawili, anachukua nyundo ya mti, anagonga kipandio kimoja kimoja huku ameinamisha sikio. Kilichoshika hutoa sauti nzito, fupi. Kilichoanza kulegea hutetemeka kidogo. Hicho anakipiga kabari mpya au anakibadilisha, kisha anachoma tarehe chini ya namba, na mtu anakwenda zake bila kulipa chochote. Miaka yote hiyo mimi niliiona siku ile kuwa hasara tupu. Kutwa nzima karakana imejaa wanaume wenye rangi kwenye nyusi, hakuna anayenunua, wote wanakunywa chai yangu. Nilishamwambia Fundi aifute. Alinitazama kama nimemwambia amfute mama yake.

Basi, mwaka jana akaja Bei Poa.

Jina lake la kuzaliwa lipo, lakini bango lake lina maneno hayo mawili makubwa kuliko mlango, na mtaa ukaona limefaa. Alifungua banda kubwa mitaa miwili kutoka kwetu, lenye mashine ya kupasua mbao, vijana kumi waliovaa fulana za rangi moja, na muziki. Akaanza kuuza ngazi. Kwa bei ya yetu moja, ulipata zake mbili na chenji ya soda.

Wifi yangu, dada yake Fundi, ndiye aliyeleta habari, na hakuja mikono mitupu. Alikuja amejitwisha moja begani. Wifi ni mtu anayependa familia yake kiasi kwamba akiona tunakaribia kuzama hukimbilia kununua boti ya jirani. Aliiegemeza mlangoni akasema tuitazame, eti ni ileile yetu.

Nikaitazama. Nguzo mbili, nondo tatu, na kwenye nguzo ya kushoto, kwa chuma cha moto, namba 412.

Nikaenda kwenye daftari. 412 ilikuwa ngazi ya mpaka rangi mmoja tunayemwita Nusu. Ni fundi mzuri, lakini Mungu alipomfikia kwenye miguu alikuwa ana haraka. Ngazi zetu huacha shubiri moja na vidole vitatu kati ya kipandio na kipandio. Kwa Nusu, Fundi alibana akaweka shubiri moja tu, asipande kwa kuruka. Katika ngazi mia nne na ushee, ni hiyo peke yake. Nikapima ya wifi. Shubiri moja.

Baadaye Nusu alikiri mwenyewe, bila hata kuona haya. Alitaka kununua pikipiki iliyotumika, akauza ngazi kwa mtu aliyempa bei nzuri mno. Mtu huyo ndiye Bei Poa. Vijana wake wakaiweka mezani wakaiga kila walichokiona: urefu, nondo, miguu ya mtu mfupi, na namba. Kila ngazi iliyotoka kwenye lile banda ilikuwa namba 412. Mji mzima ukaanza kupanda kwa hatua za Nusu.

Walichokosa kuiga ni kile wasichokiona. Vipandio vyao havikupita kwenye nguzo. Viliingia nusu ya unene, vikapigwa msumari kutoka nje, kichwa cha msumari kikazibwa, na juu ya yote ikapakwa rangi nzito ya kahawia, nzuri sana, inayong'aa. Fundi aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha mahali pa msumari, akacheka. Alicheka wiki nzima. Alisema kizuri chajiuza.

Wiki ya pili wateja wawili walipita mlangoni kwetu bila kusimama. Wiki ya tatu mmoja alisimama, akahesabu vipandio vyetu kwa kidole, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa, kwamba yetu ina vipandio kumi na vinne na ya Bei Poa ina kumi na saba, urefu uleule, nusu ya bei. Sasa mama, ghali ni ya nini? Nikaanza kumweleza habari za kabari. Nilipofika kwenye miezi mitano ya kukausha alikuwa ameshaaga.

Hapo Fundi akaacha kucheka.

Tukafanya kikao, mimi, yeye na wifi, ambaye hakualikwa lakini aliongoza. Wifi alisema biashara haigombi na soko, tuteremshe bei. Tukateremsha. Sijawahi kuona kosa linalofanya kazi haraka namna ile. Siku mbili baadaye mwandika mabango aliyenunua kwetu mwezi uliotangulia alikuja kuuliza kama kumbe siku zote tulikuwa tunamwibia. Aliyefuata, mteja mpya, alizunguka ngazi mara tatu akaniuliza tumepunguza nini humo ndani. Nikamwambia hatujapunguza kitu. Akatabasamu, na sikulipenda tabasamu lile.

Hata hivyo wengine walinunua, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Ngazi zilitoka mara mbili ya kawaida, faida ikawa nyembamba, na Fundi akawa anatoka karakanani mgongo umepinda. Halafu mbao zikaisha. Si kwamba sokoni hazikuwepo. Zilizokauka ndizo zilizoisha, maana za miezi mitano huwezi kuziharakisha kwa sababu wifi yako ameshauri. Rafu ilikuwa tupu na watu watano wameshalipa malipo ya awali.

Asubuhi moja niliingia karakanani nikakuta ngazi tatu zimekamilika. Nikanyanyua moja niipange, mkono ukashangaa. Ilikuwa nzito. Nikanusa kipandio. Kilinukia utomvu.

Fundi alikuwa ananoa patasi, hakuinua kichwa.

Nikamwambia, "Baba, hivi ni vya mti mbichi."

"Vitakauka vikiwa kazini."

"Vikikauka vitasinyaa. Vikisinyaa vitalegea kwenye tundu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akasema, "Kwani vya mwenzetu vimekauka?"

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, nimemwona akiwa hana kitu, nimemwona mgonjwa, lakini sikuwahi kumwona akiazima kipimo cha mtu mwingine. Nililia, nasema kweli, nikiwa nimeshika ngazi mkononi. Nilimwambia kama ni hivyo basi tufunge, akaombe kazi kwa Bei Poa, angalau kule atavaa fulana mpya. Nilikusudia kumchoma. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Bei Poa ameshamwita. Alikuja juzi nilipokuwa sokoni, akamwahidi mshahara kila mwisho wa mwezi awe msimamizi wa vijana wake. Alimpa mpaka Jumamosi ya kugonga afikirie.

"Na umefikiria?"

"Nafikiria," akasema, na akaendelea kunoa.

Mchana ule alizikata zile ngazi tatu kwa msumeno, yeye mwenyewe, tukapikia kuni siku nne. Wale watu watano tukawaomba wasubiri. Watatu walikubali, wawili tuliwarudishia pesa zao. Bei nikairudisha pale ilipokuwa. Wifi alinuna, akasema tuna kiburi cha maskini, na sina hakika kama alikosea.

Sasa niseme jambo la aibu. Kipindi kile kila nilipomwona mtu juu ya ngazi ya kahawia, nilikuwa naomba aanguke. Si sana. Aanguke kidogo tu, aumie kifundo, aseme mbele za watu imetoka wapi. Nilikuwa napita mitaani nikitazama juu. Na hakuna aliyeanguka! Wifi alipanda yake kubadilisha balbu, akashuka salama. Jirani alipanda ya kwake kutoa majani kwenye mfereji wa paa, akashuka anaimba. Miezi ikapita, na ngazi za Bei Poa zikawa zinapandwa mara mbili kwa mwaka na watu wanaoogopa urefu, na zikawatosha kabisa.

Ilinichukua muda kumeza hilo. Lakini nilipolimeza nilipata akili. Mtu wa balbu hakuhitaji kabari. Hakuwa mteja wetu hata siku moja, ila zamani hakuwa na pa kwenda. Nikaacha kumgombania. Akiingia namuuliza atapanda mara ngapi. Akisema mara moja moja, namwambia aende kwa Bei Poa, mitaa miwili mbele, hatakosea, atasikia muziki. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja alirudi kununua kwetu kwa wasiwasi tu.

Wale wanaopanda kila siku ndio niliowafuata, wakiwa kazini. Na nilipokuwa nawauliza kwa nini walikuwa wananunua kwetu, hakuna aliyetaja kabari, wala nondo, wala mafuta. Mpaka rangi mmoja aliyekuwa amening'inia kwenye ukuta wa shule alinijibu bila kushuka: "Mama, mwaka mzima nafikiria rangi tu. Ngazi ananifikiria Fundi."

Basi miaka kumi na tisa nilikuwa nataka kufuta kitu pekee walichokuwa wananunua. Nikarudi nyumbani nimenywea. Sikumwambia Fundi siku hiyo, angeniuliza kama nimeona.

Nikabandika mlangoni karatasi ya maelezo. Bei ni ileile, na ndani yake kuna kugongwa kila mwaka, kabari na vipandio bila malipo miaka mitano. Anayenunua ngazi nyingi kwa mpigo, Fundi atamfuata kwenye eneo lake la kazi kila baada ya miezi mitatu. Mwenye ngazi yetu ya zamani akiileta, tunakata thamani yake kwenye bei ya mpya, kisha ile ya zamani tunaivua vipandio vilivyochoka, tunaweka vipya na kuiuza kwa bei ndogo kwa fundi anayeanza, ikiwa na namba yake ileile na tarehe zake zote. Hiyo ilikaribia kidogo bei ya Bei Poa bila kuigusa mpya. Ilikuwa mipango mizuri. Ilikosa mteja tu.

Mteja tuliyemtegemea alikuwa Mkandarasi. Kila mwaka kabla kiangazi hakijaanza alichukua ngazi zisizopungua ishirini, na mwaka huu alipewa kazi ya kupaka majengo sita ya ghorofa, akahitaji thelathini. Kama Bei Poa angemchukua, angekuwa ametumaliza. Tungebaki na ngazi mbili tatu kwa mwezi, na Fundi angevaa fulana. Hilo nilijua mimi, alijua yeye, na Mkandarasi alijua kuliko sote.

Alikuja, akaketi, akakataa chai, nikajua ni vibaya. Alisema anatuheshimu. Mtu akianza na heshima, shika mfuko wako. Alisema Bei Poa amempa bei ya ngazi thelathini ambayo hata yeye aliona aibu kuitaja, na yeye hatuombi tuifikie, tukutane katikati tu.

Fundi akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Nikamwambia Mkandarasi kwamba katikati hakuna ngazi. Tukipunguza bei, kuna kitu kitatoka kwenye mti, na mimi siwezi kumwambia kitatoka kipi, kwa sababu nilishakiona kikitoka mara moja na tulikipikia. Lakini bei ikibaki, anapata yote yaliyo kwenye karatasi, nikamsomea. Hasa ile ya kufuatwa kazini. Kwa ngazi thelathini kwenye majengo sita, kila miezi mitatu, Fundi atagonga kila kipandio, na kilicholegea hakitapandwa siku hiyo. Nikamuuliza mwaka jana alipoteza siku ngapi kwa ngazi zilizolegea. Alifikiri, akasema hakuna. Nikamwambia ndiyo bei yake hiyo.

Hakukubali, hakukataa. Alisema atakuja Jumamosi ya kugonga na zake nane za zamani, ataamua hapohapo. Alipoondoka Fundi aliuliza kwa nini nimemkanyaga, alitaka tu kukohoa.

Jumamosi ikafika. Magogo yakapangwa, chuma kikawekwa motoni, chai ikachemka. Walikuja wengi, ila si kama miaka iliyopita, na nilihesabu nafasi zilizokuwa wazi ingawa nilijikataza. Nusu alikuja bila ngazi, akakaa pembeni akinywa chai. Mkandarasi alikuja na lori, akashusha nane zetu, halafu akashusha na ya tisa. Ya kahawia, inang'aa. Aliinunua jana yake.

"Igonge na hii, Fundi," akasema mbele ya wote. "Nataka nisikie tofauti."

Nilimtazama mume wangu nikaomba, kwa mara ya kwanza, awe na mdomo kama wangu. Fundi akailaza, akagonga vipandio vyote kumi na saba, taratibu, sikio chini. Vyote vilishika. Ilikuwa mpya, kwa nini visishike? Misumari ya siku moja haijui dhambi.

"Unasemaje?" Mkandarasi akauliza.

"Leo ni nzima," Fundi akasema. "Siku nyingine sijui. Siwezi kumsemea mti nisioukausha."

Ndivyo alivyosema, huyo niliyemfulia miaka kumi na tisa. Nafasi ya kumzika mshindani ameletewa mpaka mlangoni, hata koleo ameshikiwa, naye anatoa ushahidi kuwa maiti ni mzima. Mkandarasi akatikisa kichwa polepole, na mimi nikaona ngazi thelathini zinatoka mlangoni na kuelekea kwenye muziki.

Wakati huohuo akaingia mwanamume mwenye fulana ya Bei Poa, mtu mzima, mwenye mvi kidogo. Nilijua amekuja kuchukua jibu la Fundi, maana siku ya mwisho ilikuwa ndiyo hiyo. Lakini begani alikuwa na ngazi. Haikuwa ya kahawia. Ilikuwa ya mafuta, imekolea jasho la mikono, na alipoiteremsha niliona namba kwenye nguzo ya kushoto.

Ilikuwa 412 yenyewe. Nusu aliweka kikombe chini.

Yule bwana akatusalimu wote vizuri, akasema yeye ndiye anayepanga mbao kwenye rafu za juu kule bandani, kutwa yuko juu. Kipandio cha tisa kimeanza kumtetemekea mguuni. Aliwahi kusikia kwamba leo ni siku ya kugonga, na kwamba hata kama mwenye ngazi amebadilika, ngazi haibadiliki. Ni kweli? Fundi akasema ni kweli, alete.

Mkandarasi alikuwa amekunja uso. Akamuuliza, "Wewe si wa Bei Poa?"

"Ndiyo, mzee."

"Pale kwenu kuna ngazi mia. Umekuja kufanya nini huku na hii?"

Yule bwana alimtazama bila hila yoyote, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Zile ni za kuuza, mzee," akasema. "Hii ndiyo tunayopandia."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Nadhani kila mmoja alikuwa anahakikisha amesikia. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza, na karakana nzima ikafuata, na Nusu akacheka mpaka akashika ukuta, yeye aliyeiuza. Yule bwana akabaki anauliza amesema nini. Nilimhurumia, nikamletea chai yenye sukari nyingi.

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshainama, anagonga. Moja, mbili, tatu, mpaka cha tisa, ambacho kilitetemeka kweli. Alikitoa kabari ya zamani, akachonga mpya, akaipiga mara tatu, akagonga tena, kikatoa sauti nzito na fupi. Akachukua chuma motoni akachoma tarehe ya leo. Yule bwana alitia mkono mfukoni. Fundi akamzuia.

"Mwambie bosi wako nimeshafikiria," akamwambia. "Na wewe usipande tena ikitetemeka. Ilete hata kama si Jumamosi."

Mkandarasi alichukua ishirini na mbili, bei yetu, hakuomba kupunguziwa hata nauli ya lori. Nane zilizobaki akazinunua kwa Bei Poa, za ndani, za vyumba vya chini, ambako mtu akianguka anaangukia ndoo. Nilikasirika kwa dakika chache, halafu nikakumbuka kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nawaambia watu wa balbu. Usiku ule nilimweleza Fundi aliyosema mpaka rangi wa ukuta wa shule, kwamba ngazi anawafikiria yeye. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona, na safari hii nilikuwa namaanisha.

Wiki mbili baadaye wifi akaja amejitwisha ngazi mpya ya kahawia, zawadi ya mwanawe aliyehamia nyumba yake. Akanionyesha kwa furaha kwamba Bei Poa naye sasa ameboresha. Nikainama nikatazama nguzo ya kushoto. Namba ilikuwa 412 kama kawaida, na chini yake, kwa chuma cha moto, ilikuwepo tarehe ya Jumamosi yetu. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri. Ngazi ile ilikuwa imegongwa na kukutwa nzima siku kumi kabla haijatengenezwa.

Wifi aliuliza ninaionaje. Nikamwambia ni nzuri, ampelekee kijana, kwa balbu inatosha.